Nunua Chevron, Uza Occidental: Biashara ya Hisa Isiyojali Soko Linakokwenda

Aprili 2019, Chevron, mojawapo ya kampuni kubwa za mafuta nchini Marekani, ilitangaza kwamba imekubaliana kuinunua Anadarko, kampuni ya mafuta na gesi ya Texas, kwa dola bilioni 33. Kabla wino haujakauka, Occidental, ambayo ni ndogo kuliko Chevron kwa mbali, ikapanda dau hadi bilioni 38. Fedha hizo haikuwa nazo. Ilimwendea Warren Buffett, na kampuni yake ya Berkshire Hathaway ikatoa bilioni 10 kwa sharti la kulipwa asilimia 8 kila mwaka; sehemu kubwa ya kilichobaki ikakopwa. Chevron haikutaka kushindana. Mei ikajitoa, na kwa kuwa makubaliano yake yalikuwa yamevunjwa, ikaondoka na fidia ya dola bilioni moja.

Mtu aliyesoma mizania za kampuni hizo mbili mwishoni mwa mwaka ule aliona picha mbili tofauti. Moja ilikuwa imepokea bilioni moja kwa kutofanya kitu, na nyingine ilikuwa imejitwika mlima wa madeni. Hakuna aliyejua bei ya mafuta ingekwenda wapi 2020, wala soko la hisa kwa ujumla. Lakini mchambuzi angeweza kusema jambo moja dogo bila kujidanganya: lolote litakalotokea, Chevron itahimili kuliko Occidental.

Kuna aina nzima ya mifuko ya uwekezaji inayoishi kwa kauli za namna hiyo. Haibashiri kama soko litapanda au litashuka. Hununua hisa inazoziona bora na wakati huohuo huuza zile inazoziona dhaifu, kisha huchuma kutokana na tofauti kati ya hizo mbili. Alfred Winslow Jones, mwanasosholojia aliyegeuka kuwa mwandishi wa gazeti la Fortune, alianza kufanya hivyo 1949 akiwa na mtaji wa dola 100,000. Wengi waliomfuata wamekaza nati mbili zaidi: hisa zinazonunuliwa na zinazouzwa zilingane thamani ndani ya kila sekta, na mtikisiko wa soko zima unaobaki uzimwe kwa mikataba ya fahirisi.

Kwanza, mtu anauzaje hisa asizo nazo? Anaziazima. Dalali humtafutia mwenye hisa, mara nyingi mfuko mkubwa wa pensheni, anayekubali kuziazimisha kwa ada. Mwazimaji anaziuza leo, na siku ya kuzirudisha anazinunua sokoni. Zikiwa zimeshuka, tofauti ni yake. Zikipanda, analipa yeye. Kampuni ikitoa gawio katikati, mwazimaji ndiye anayemlipa mwenye mali. Agosti 2020 Occidental iliwagawia wenye hisa hati zinazowapa haki ya kununua hisa mpya kwa dola 22, na aliyeuza za kuazima alipaswa kumfidia mwenye mali hata hizo. Mambo madogo kama haya hayaonekani kwenye chati ya bei, lakini hula faida.

Sasa tuitazame ile kauli ikifanya kazi. Tuchukue mtu aliyeweka dola milioni moja kwenye Chevron mwanzoni mwa 2020 na kuuza Occidental za kuazima zenye thamani hiyohiyo. Mwaka huo janga la korona lilifunga viwanja vya ndege, na tarehe 20 Aprili mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku chini ya sifuri: muuzaji alikuwa anamlipa mnunuzi ayachukue mapipa. Hisa za Chevron zilimaliza mwaka zikiwa zimeshuka karibu asilimia 30. Za Occidental zilishuka karibu asilimia 58. Hasara ya upande mmoja ilikuwa takriban dola 300,000, faida ya upande wa pili 580,000, na mfukoni zikabaki 280,000 kabla ya ada na magawio. Mwenye kauli yake alipata faida katika mwaka mbaya mno kwa wenye hisa za mafuta.

Jozi moja ni kamari hata ikiwa na akili. Mifuko hii hushika hisa mamia, na huzipanga kwa vigezo: faida ikilinganishwa na bei, uzito wa madeni, mwenendo wa bei wa miezi iliyopita, mabadiliko ya makadirio ya wachambuzi. Kila hisa hupewa alama. Za juu hununuliwa, za chini huuzwa. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo.

Chukua kigezo cha urahisi wa bei. Ukipanga hisa zote za Marekani kwa bei yake dhidi ya thamani ya mali zake vitabuni, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, upande wa rahisi unajaa kampuni za mafuta na benki, na upande wa ghali unajaa kampuni za programu za kompyuta. Unadhani umechagua hisa mia mbili kwa makini, kumbe umefanya uamuzi mmoja tu: mafuta dhidi ya teknolojia. Mwaka 2020 sekta ya nishati ndani ya fahirisi ya S&P 500 ilianguka karibu asilimia 37, na ile ya teknolojia ikapanda zaidi ya asilimia 40. Mfuko uliopangwa hivyo ulikula hasara hata kama wachambuzi wake waliitambua kila kampuni sawasawa. Miaka miwili baadaye upepo uligeuka: 2022 nishati ilipanda karibu asilimia 59 huku teknolojia ikipoteza zaidi ya robo ya thamani yake. Meneja yuleyule sasa angesifiwa kwa kipaji ambacho hakuwa nacho.

Dawa yake ni kuzipanga hisa ndani ya sekta zao. Chevron inalinganishwa na Occidental, Exxon na wenzao, si na Microsoft. Benki zinapimwa kwa benki. Kisha katika kila sekta dola zinazonunua zinalinganishwa na dola zinazouza. Mafuta yakipanda au yakiporomoka, pande zote mbili zinasukumwa pamoja, na kinachobaki ni ubora wa uchaguzi. Wengi hutumia mgawanyo wa GICS wenye sekta 11. Ikumbukwe tu kwamba mipaka hiyo imechorwa na watu: Septemba 2018 kampuni mama ya Google na Facebook zilihamishwa kutoka sekta ya teknolojia kwenda ya mawasiliano, na mifuko iliyokuwa imelingana vizuri Ijumaa ikajikuta Jumatatu ina mapengo bila kununua wala kuuza hisa hata moja.

Ukishalinganisha dola ndani ya kila sekta, unaweza kudhani umemalizana na soko. Bado. Dola milioni moja ya kampuni tulivu haitikisiki sawa na dola milioni moja ya kampuni yenye madeni. Kipimo cha tofauti hiyo ni beta. Hisa yenye beta ya 1.2 ni ile ambayo, fahirisi ikisogea kwa asilimia 1, yenyewe kwa kawaida husogea kwa asilimia 1.2 kuelekea upande uleule. Beta hukokotolewa kwa kuangalia marejesho ya nyuma, mathalani ya kila wiki kwa miaka miwili, na kuona hisa imekuwa ikiifuata fahirisi kwa kiasi gani.

Tuseme meneja ana hisa za dola milioni 10 alizonunua na za milioni 10 alizouza, sekta zote 11 zimelingana. Anazidisha kila hisa kwa beta yake na kujumlisha. Upande wa kununua unatoka na wastani wa 1.2, kwa hiyo soko linauona kama milioni 12. Upande wa kuuza una wastani wa 0.88, sawa na milioni 8.8. Tofauti ni milioni 3.2. Kwa maneno mengine, mfuko unaojinadi kuwa hauna upande umebeba dola milioni 3.2 za soko la hisa bila kukusudia.

Kuziondoa hakuhitaji kugusa hisa zenyewe. Tangu 1982 soko la Chicago limekuwa likiuza mikataba ya fahirisi ya S&P 500, ambayo madalali huiita fyucha. Ni makubaliano ya kulipana tofauti ya kiwango cha fahirisi kati ya leo na tarehe fulani. Hakuna hisa inayobadilishana mikono; kinachohesabiwa ni fedha tu. Ule mkataba unaotumiwa sana, E-mini, ulianza 1997 na una thamani ya dola 50 kwa kila pointi ya fahirisi. Fahirisi ikiwa 3,200, kama ilivyokuwa takriban mwanzoni mwa 2020, mkataba mmoja unabeba dola 160,000. Hesabu basi ni nyepesi:

```
3,200,000 / (3,200 x 50) = 20
```

Meneja anauza mikataba 20. Baada ya mwezi fahirisi inashuka asilimia 5, yaani pointi 160. Fyucha zinamlipa 20 mara 50 mara 160, ambazo ni dola 160,000. Kwa beta zao, hisa alizonunua zilitarajiwa kushuka asilimia 6 na alizouza asilimia 4.4, na pengo hilo lingemgharimu dola 160,000 hizohizo. Lakini zilizonunuliwa zimeshuka asilimia 5.2 tu, hasara ya 520,000, na zilizouzwa zimeshuka asilimia 4.9, faida ya 490,000. Kwenye hisa kuna upungufu wa 30,000. Ukijumlisha fyucha, mfuko una faida ya 130,000. Kati ya hizo, 80,000 zimetokana na hisa nzuri kuhimili kuliko ilivyotarajiwa, na 50,000 zimetokana na mbovu kuanguka zaidi. Hicho ndicho kitu ambacho mteja analipia.

Fyucha zina masharti yake. Hazilipiwi thamani yote, bali dhamana tu, na kila jioni faida au hasara ya siku inahesabiwa kwa fedha taslimu. Mfuko unaweza kuwa umelingana kabisa kwenye karatasi na bado ukakosa fedha za kuweka leo, kwa sababu faida imekaa kwenye hisa na hasara inadaiwa kwenye fyucha. Mikataba hufa kila robo mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, hivyo lazima inayokaribia kwisha ifungwe na ya mbele ifunguliwe. Si kazi ngumu, ila anayesahau hubaki uchi.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wazoefu huliruka. Fahirisi yenyewe imejaa sekta. Mwishoni mwa 2019 teknolojia ilikuwa karibu asilimia 23 ya S&P 500 na nishati asilimia 4 na kidogo. Anayeuza fyucha za dola milioni 3.2 ameuza, ndani yake, takriban dola 740,000 za teknolojia na kama 140,000 tu za nishati. Ule ulinganifu wa sekta alioujenga kwa jasho ameutoboa kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana mifuko makini hujaribu kulinganisha beta ndani ya kila sekta kwanza, kwa kuongeza au kupunguza uzito wa hisa, na kuziachia fyucha mabaki madogo. Mikataba 4 hutoboa tundu dogo kuliko mikataba 20.

Turudi kwa Occidental, kwa sababu bado haijamaliza kufundisha. Kufikia mwisho wa Oktoba 2020 hisa iliyouzwa karibu dola 41 mwanzoni mwa mwaka ilikuwa dola 9 na senti. Ile milioni moja iliyouzwa ilikuwa imesinyaa kuwa takriban dola 220,000. Milioni ya Chevron ilibaki kama 577,000. Aliyeiacha jozi ilale hakuwa tena mtu asiye na upande. Alikuwa na zaidi ya dola 350,000 za mafuta zisizo na mpinzani. Kanuni ya ulinganifu inamtaka arekebishe: auze Occidental zaidi, au apunguze Chevron. Wengi hurekebisha kila mwezi au kila wiki, na kompyuta ndiyo inayotoa orodha.

Tarehe 9 Novemba Pfizer ilitangaza kwamba chanjo yake inafanya kazi. Siku hiyo moja S&P 500 ilipanda kwa asilimia 1.2 hivi, lakini sekta ya nishati ndani yake iliruka kama asilimia 14. Kampuni ambazo wiki iliyotangulia zilionekana ziko mlangoni mwa kufilisika zikawa na kesho. Mwezi mzima Chevron ilipanda robo. Occidental ilipanda zaidi ya asilimia 70.

Meneja aliyeanza Novemba akiwa amerekebisha vizuri, milioni moja kwa milioni moja, alipata karibu dola 254,000 kwa Chevron na kupoteza 726,000 kwa Occidental. Tuseme aliweka beta ya Occidental kuwa 2.0 na ya Chevron 1.2. Soko lingeona upungufu wa dola 800,000 upande wa kuuza, kwa hiyo safari hii alinunua fyucha: mikataba 5, fahirisi ikiwa karibu 3,270. Novemba fahirisi ilipanda karibu pointi 350, na mikataba ile ikamrudishia dola 88,000 hivi. Hasara ya 472,000 ikapungua hadi 384,000. Kinga ilifanya kazi yake barabara, na ilifuta chini ya moja ya tano ya maumivu.

Sababu si hesabu mbovu. Beta hupima soko zima, na sekta ilikuwa imelingana. Kilichomvunja kilikuwa tofauti ya tatu ambayo hakuna kati ya nati zake mbili iliyoikaza: kampuni zenye madeni mazito dhidi ya zilizo imara. Kila sekta ina pande hizo. Kigezo kinachopendelea mizania safi kinanunua zilizo imara katika sekta zote 11 na kuuza zenye madeni katika sekta zote 11, na siku ya habari njema hasara zinatoka kila mahali kwa pamoja. Wataalamu hulitambua hili kwa kuangalia jozi za sekta zisizohusiana. Ikiwa jozi ya mafuta, jozi ya maduka na jozi ya mahoteli zote zinapoteza siku ileile huku fahirisi ikiwa imesogea kidogo, meneja ajue ana dau moja kubwa ambalo halimo kwenye ripoti yake.

Wakati mwingine dau hilo ni majirani zake. Kati ya tarehe 7 na 9 Agosti 2007 mifuko mingi ya aina hii ilipoteza fedha kwa kasi ambayo mienendo ya fahirisi haikuweza kuieleza. Maelezo yanayokubalika zaidi, yaliyotolewa na Amir Khandani na Andrew Lo wa chuo cha MIT, ni kwamba mfuko mmoja au zaidi ulilazimika kufunga nafasi zake haraka. Ulikuwa unauza hisa ambazo wengine wote walikuwa wamenunua, na kununua zile ambazo wote walikuwa wameuza. Mfuko mmoja wa Goldman Sachs ulipoteza zaidi ya asilimia 30 kwa wiki, na ikabidi uongezewe dola bilioni 3. Soko lilikuwepo, sekta zililingana, beta ilikuwa karibu na sifuri.

Je, haya yanawezekana Nairobi? Vipande vipo. Tangu Julai 2019 Soko la Hisa la Nairobi lina mikataba ya fyucha ya fahirisi ya NSE 25 na ya baadhi ya hisa moja moja, zikiwemo Safaricom, KCB na Equity. Mkataba wa hisa moja unamwezesha mtu kuuza KCB bila kuhangaika kutafuta wa kumwazima. Kikwazo cha kwanza ni sekta. Anayeipenda Safaricom hana wa kumuuza dhidi yake, kwa sababu kwenye kundi la mawasiliano la soko hilo iko peke yake, tena ndiyo kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote. Benki ndizo pekee zilizo nyingi kiasi cha kupangwa na kulinganishwa kwa maana halisi, moja dhidi ya nyingine.

Kikwazo cha pili ni fahirisi. Safaricom na benki kubwa zimebeba uzito mkubwa wa NSE 25. Mwenye jozi ya benki akiuza fyucha za fahirisi hiyo ili kuzima beta iliyobaki, anakuwa ameuza Safaricom asiyokuwa na maoni nayo, na ameuza kwa mara ya pili benki zilezile alizokwisha kuzipima. Na kwa kuwa biashara ya mikataba hiyo bado ni ndogo, huenda bei ya kuingia na ya kutoka ikamla zaidi ya ile beta aliyotaka kuiondoa. Kwake ni afadhali abadilishe uzito wa benki zenyewe mpaka beta za pande mbili zikutane, na aziache fyucha za fahirisi zilipo.